Mama wa picha ya saba

Mwaka huu shirika moja lilitoa ripoti juu ya mafuriko ya huku kwetu, na ripoti hiyo ikafika kwenye simu zetu kama kiungo cha tovuti. Kulikuwa na picha kumi na mbili. Wenye macho tuliziangalia mara moja tukapita, kwa sababu maji tunayajua. Tangu Rusizi ilipofurika Aprili 2020, na ziwa nalo likapanda miaka iliyofuata, picha ya nyumba ya Gatumba iliyozama si habari tena kwa mtu wa Gatumba.

Lakini kuna mzee mmoja jirani yetu ambaye haoni. Simu yake ina TalkBack, ile sauti inayosoma kila kitu kilicho kwenye kioo kadiri unavyotelezesha kidole. Jioni huwa nakaa naye, namsaidia pale sauti inapokwama. Siku hiyo alikuwa anasikiliza ripoti mwenyewe, mimi niko pembeni natengeneza chaja. Simu yake imewekwa kwa Kifaransa, kwa hiyo Kiswahili kinasomwa kwa matamshi ya Kifaransa, na ukisikiliza kwa mara ya kwanza utafikiri ni padri mgeni anajaribu lugha. Yeye amezoea. Alifika picha ya saba, sauti ikasema hivi:

«Mwanamke mkimbizi mwenye huzuni amesimama majini akilia baada ya kupoteza kila kitu.»

Mzee akasimamisha simu. Akaniambia: «Kijana, bananiambia ni mukimbizi, bananiambia eko na huzuni. Lakini mutu mwenyewe eko wapi?»

Nikachukua simu nikaangalia. Na hapo ndipo makala hii ilipoanzia, maana maneno yale na picha ile vilikuwa vitu viwili tofauti.

Kwanza nieleze jambo lenyewe kwa wale wasiolijua. Picha ikiwekwa kwenye tovuti, nyuma yake kuna nafasi ya kuandika maneno ambayo mwenye macho hayaoni. Asiyeona ndiye anayeyasikia. Wengine wanayaita maandishi mbadala. Kwenye ukurasa yanakaa hivi:

```
<img src="picha-07.jpg" lang="sw" alt="Maneno ya kuelezea picha">
```

Kile kipande cha `lang="sw"` kinaiambia sauti kwamba hiki ni Kiswahili, na kama simu ina sauti ya Kiswahili itakisoma kwa Kiswahili. Ripoti ile haikuwa nacho, ndiyo maana tulimpata padri. Kwenye Word unabonyeza picha kwa upande wa kulia wa kipanya unachagua Alt Text. Kwenye WhatsApp sisi tunaandika maelezo kama ujumbe wa kawaida chini ya picha, na wote wanasoma.

Maandishi mbadala si yale maneno yanayochapwa chini ya picha. Yale ya chini yanasema kitu ambacho jicho haliwezi kukijua: tarehe, mahali, jina kama mtu amekubali. Maandishi mbadala yanasema kile ambacho jicho linakiona. Kama maneno ya chini yametaja jina, na maandishi mbadala yanaweza kulitaja. Kama maneno ya chini yameliacha jina kwa makusudi, basi maandishi mbadala hayana ruhusa ya kulileta kwa mlango wa nyuma.

Na mlango wa nyuma upo kweli. Katika ripoti hiyohiyo picha ya tisa haikuwa na maandishi yoyote. Ilikuwa picha ya mtoto, uso umefifishwa vizuri kabisa, huwezi kumjua. Picha ile ukiibonyeza inafunguka kubwa, na sauti ya simu inapokuta picha ya namna hiyo haina maelezo, mara nyingi inasoma jina la faili. Jina la faili lilikuwa na jina la mtoto, jina la mahali na umri wake. Kwa hiyo wenye macho wote walifichwa, na mzee wetu asiyeona ndiye mtu pekee aliyeambiwa mtoto ni nani. Tuliwaandikia, wakarekebisha. Lakini ninyi ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, angalieni majina ya mafaili yenu kabla ya kuangalia kitu kingine.

Turudi kwa mama wa picha ya saba. Nitatoa neno moja kwanza: katika hadithi hii nimebadilisha vitu kadhaa ili asitambulike. Hata namba ya picha si saba, na mahali si pale utakapofikiri. Amesomewa makala yote na amesema sawa.

Nilikaa nayo sentensi ile nikaipasua neno kwa neno. «Mwanamke»: ndiyo, anaonekana. «Mkimbizi»: haonekani. Ukimbizi ni karatasi, ni mpaka ulioupita, si kitu kilicho usoni. Hapa Gatumba jambo hili si dogo, kwa sababu maji hayakuuliza kitambulisho. Yalimtoa Mkongomani aliyepanga chumba na yalimtoa Mrundi aliyezaliwa hapahapa, na wote wakaenda kulala chini ya shitingi. Mrundi aliyehamishwa na maji ndani ya nchi yake si mkimbizi, na msaada wake unapita njia nyingine. Picha ya tatu ya ripoti ileile inasema «familia ya wakimbizi», na ile familia naijua, babu yao alilima hapa kabla ya baba yangu kuzaliwa. Aliyeandika aliona shitingi akaandika mkimbizi.

«Mwenye huzuni»: huo ni ukisiaji. «Akilia»: nilikuza picha mpaka uso ukajaa kioo, sikuona chozi. Niliona macho yamefinywa na mdomo umefungwa. «Baada ya kupoteza kila kitu»: na hapa ndipo nilipocheka kwa hasira, maana mama huyu ana godoro kichwani. Godoro zima! Limekunjwa, limefungwa kamba, analishika kwa mkono wa kulia. Ni kitu kikubwa kuliko vyote katika picha, kinachukua karibu robo yake, na aliyeandika hakukiona, kwa kuwa sentensi yake ilikuwa imekwisha kuandikwa kichwani kabla ya kufungua picha.

Kwa hiyo mzee alipewa mwanamke na maji. Vingine vyote alivyopewa havimo, na vilivyomo hakupewa.

Sio ripoti hii tu. Kuna picha moja inayojulikana dunia nzima, iliyopigwa Ayod, Sudani ya Kusini, Machi 1993, na mpiga picha wa Afrika Kusini, Kevin Carter. Mtoto mdogo amejikunja chini, kichwa kinagusa udongo, na nyuma yake ametua tumbusi, yule ndege mla mizoga. Gazeti la Niu Yoki Taimzi liliichapisha tarehe 26 Machi 1993, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer. Kila mahali iliandikwa kwamba ni mtoto wa kike. Watu waliisimulia hivyo kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2011 waandishi wa gazeti la Kihispania, El Mundo, walikwenda mpaka kwa familia, na baba akasema alikuwa mvulana, na kwamba hakufa siku ile. Alipona njaa, akakua, akafa kwa homa miaka kadhaa baadaye. Jina lake limekwisha kuchapwa lakini mimi sitaliweka hapa, makala yenyewe inahusu kutotaja.

Ninaileta picha hiyo kwa mambo mawili. La kwanza ni lile la «wa kike». Ukiangalia picha, hakuna kinachokuonyesha kama ni mvulana au msichana. Mtu alikisia, na kwa kuwa Kiingereza kinakusukuma mapema uchague kati ya wa kiume na wa kike, kisio likawa ukweli. Sisi Kiswahili kimetupa bahati ambayo hatuitumii. «Mtoto amejikunja chini» haisemi jinsia na haina kasoro yoyote. «Amebeba», «anatazama», «wake», hakuna hata moja linalotulazimisha. Tunaweza kuandika maelezo mazima ya mtu bila kukisia, na bado yakasikika kama Kiswahili cha kawaida cha nyumbani. Kwa hiyo mtu anayeandika «msichana» kwa Kiswahili amechagua mwenyewe, hakusukumwa na lugha. Achague tu kama anaona.

La pili ni dogo, na kwangu ndilo kubwa. Mtoto yule ana bangili ya plastiki mkononi. Ni ya kituo cha chakula, alama kwamba amekwisha kuandikishwa kwenye msaada. Ilikuwepo pale muda wote, watu wote wenye macho wameitazama, na wengi hawakuitaja. Waliosimulia picha walisema mtoto ameachwa peke yake afe. Ile bangili inasema kuna mtu aliyekwisha kumshika mkono. Kama mtu angeketi kumwelezea asiyeona kila kilichomo, kuanzia kichwa mpaka mkononi, angeifikia bangili. Njia hiyo ya polepole, ya kupita mwili mzima, inakuletea vitu ambavyo jicho la haraka limevikataa.

Basi nikamwambia mzee nitamwandikia maelezo mapya ya picha ya saba. Nikaenda nyumbani nikaandika usiku, na niliandika vibaya kuliko shirika. Niliandika mambo kumi na saba. Miaka yake, nikasema arobaini na mbili, kama vile nilikuwepo alipozaliwa. Urefu wake, wembamba wake. Rangi, maji ya kunde. Umbo la pua na la paji la uso. Kovu dogo juu ya nyusi. Mkono wa kushoto unaoishia kwenye kiwiko. Kitenge cha buluu cha umoja wa akina mama, nikasoma na maandishi yake yote, jina la parokia na mwaka wa jubilei. Nikataja na bango la duka nyuma yake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo. Akasema: «Sasa umenipa kitambulisho cha mutu. Unataka nimutafute?»

Nilichokuwa nimefanya ni kudhani kwamba usahihi ni wingi. Nilikuwa nimesahau kwamba picha na maandishi havitembei sawasawa. Uso ulio kwenye picha lazima mtu auone, tena awe anamjua mwenye uso. Lakini maneno yanatafutwa. Mtu aliyekaa mbali, ambaye hajawahi kuifungua ripoti, akiandika kwenye simu yake jina la parokia na neno «kiwiko» anaweza kumfikia mama huyu kwa dakika moja. Karatasi ya ridhaa aliyosaini ilimuuliza kama anakubali kupigwa picha. Haikumuuliza kama anakubali kuandikwa.

Halafu ile pua. Nilijiuliza kwa nini niliiandika pua. Watu wote katika ripoti wana pua na sikufikiria ya mwingine yeyote. Jibu nalijua, na kila mtu wa Maziwa Makuu analijua. Huku kwetu kuelezea pua na urefu ni kusema kabila bila kulitaja. Mtu anasoma «mrefu, mwembamba, pua ndefu» na tayari amekwisha kumpanga. Vizuizi vya barabarani vilitumia elimu hiyohiyo. Na hapa Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini, wengi wao Wanyamulenge, na waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Wanaotaka kujua waende waulize wazee, kumbukumbu ipo. Mimi nasema tu kwamba katika mji huu mtu haandiki umbo la pua ya mwenzake kwa bahati mbaya. Nililifuta, na tangu siku hiyo natumia kipimo kimoja: kama simwelezi hivyo kila mtu aliye katika picha zote, simwelezi hivyo mmoja.

Kipimo hicho kinafaa kwa rangi pia. Katika ripoti ile picha ya kumi na moja ina mfanyakazi mzungu anazungumza na wanawake wawili. Maandishi yake yanasema «mfanyakazi wa misaada akizungumza na wanawake wawili wa Kiafrika». Yeye hana rangi, wao wanayo. Asiyeona akisikia hivyo anajua mara moja aliyeandika anasimama upande gani. Ama utaje rangi ya wote watatu, ama uiache kwa wote watatu. Kwa mfano ule mimi ningetaja, kwa sababu mwenye macho anaiona tofauti hiyo kabla ya kuona kitu kingine, na mzee wetu ana haki ya kuiona naye.

Lakini pua nikaifuta, kovu nikalifuta, na mkono je? Mkono ulinisumbua siku nzima. Mwenye macho anauona. Katika picha uko wazi, upande wenye mwanga. Nikiuacha, nimemdanganya mzee, nimempa mwanamke mwingine kabisa. Nikiuandika, nimeandika kitu ambacho katika mtaa mzima ni chake peke yake. Nikafanya kile ambacho ningefanya tangu mwanzo: nikaenda kwake.

Nilimkuta anamenya mihogo, nikamsalimia, nikamsomea matoleo yote mawili, la shirika na langu. Aliposikia «akilia» aliweka kisu chini. «Nani analia? Lilikuwa jua. Yule kijana wa kamera alinisimamisha jua linanipiga machoni, tena godoro kichwani, akasema subiri mama, subiri mama. Usiandike nalia.»

Nikamuuliza juu ya mkono, nikimwita mama mara tatu katika sentensi moja kwa aibu. Akasema: «Mkono andika. Ndivyo ninavyojulikana. Ukiuacha huyo mzee atafikiri ni mwingine.» Akafikiri kidogo, akaongeza: «Lakini usiandike nimekatwa. Hiyo ni habari yangu.» Na alikuwa sahihi kuliko mimi. Katika picha huoni kukatwa. Unaona mkono unaoishia kwenye kiwiko. Unaweza kuzaliwa hivyo, unaweza kuugua, unaweza kukatwa hospitali. Neno «amekatwa» lina panga ndani yake, na panga halimo kwenye picha.

Kitenge ndicho kilichomtisha. Kuna watu ambao hataki wajue anakaa wapi, sababu ni yake, siiandiki. Uso wake, alisema, wale watu wanaujua tangu zamani. Wasichokijua ni mahali. Na kitenge cha akina mama wa parokia kina jina la parokia limechapwa kwa herufi kubwa, kiunoni mpaka kwenye pindo. «Hicho usikisome.»

Nikamjibu haraka kwamba nitaandika «kitenge cha buluu» basi, bila maneno. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani nilipoona upumbavu wa jibu langu. Maneno ya kitenge yako kwenye picha! Mimi nilikuwa nawaficha wasioona peke yao, na wenye macho wote duniani wanayasoma kwa raha. Mama hakulindwa na chochote. Aliyefichwa kitu ni mzee, ambaye ndiye pekee asiyeweza kumdhuru.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa nawaambia vijana wetu wote wanaotengeneza jarida hili. Andika maelezo kabla picha haijachapwa, si baada. Ukifika mahali kalamu inasita, ukasema hiki siwezi kukiandika kitamdhuru, basi tatizo halimo kwenye maandishi. Limo kwenye picha, na limekuwemo muda wote. Sisi wenye macho tulilipita tu kwa kuwa jicho linapita bila kusema neno. Ikiwa jina la parokia haliwezi kuandikwa, haliwezi kuonyeshwa. Katika timu yetu hatuna mtu aliyesomea usalama wa habari, wengi tuliishia sekondari, lakini kusita huko kwa kalamu kila mtu anakujua.

Nikarudi kwa mama siku ya pili na picha niliyoikata: kuanzia kiunoni kwenda juu. Kitenge hakipo tena. Bango la duka nalo tukalikata kwa upande. Uso umebaki, godoro limebaki, mkono umebaki. Akaitazama kwenye simu yangu kwa muda, akasema godoro linaonekana zito kuliko lilivyokuwa. Tukawaandikia wenye ripoti, tukiwaomba waweke hiyo badala ya ile, na kwenye maneno ya chini waandike mkoa tu, wasiandike mtaa. Walikubali picha. Maneno ya chini walichukua wiki tatu.

Sasa maelezo. Niliyaandika tena nikayasoma kwa sauti, na nikakuta kosa ambalo nawaomba mlichunge, maana linakuja kwa watu waangalifu. Nilikuwa nimeandika «maji yanamfika magotini». Magoti yako wapi? Tumeyakata. Mimi nayakumbuka kutoka picha ya kwanza, lakini katika picha hii hayapo. Mtu ambaye ameikaa picha siku nyingi anaanza kuelezea kumbukumbu yake. Lazima uifungue upya, ile itakayochapwa, na uanze upande mmoja wa mwili mpaka mwingine kama hujawahi kuiona.

Toleo la mwisho ni hili:

«Mwanamke wa makamo, anaonekana kuanzia kiunoni, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Amebeba kichwani godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, analishika kwa mkono wa kulia. Mkono wake wa kushoto unaishia kwenye kiwiko. Jua linampiga usoni, amefinya macho, mdomo umefungwa. Nyuma yake ni maji ya kahawia, na paa tatu za mabati zimetokeza juu ya maji.»

Ni sentensi tano. Sikuanza na «picha ya», kwa sababu sauti ya simu inatangaza yenyewe kwamba hii ni picha, na mzee amechoka kusikia picha ya picha. «Wa makamo» nimeiacha pana, sikutaja miaka. «Mwanamke» nimeliweka kwa kuwa linaonekana na mwenyewe amelikubali. Jua nimelitaja kama mwanga ulio usoni, kwa sababu unaonekana, na anayetaka kujua kwa nini macho yamefinywa ataunganisha mwenyewe. «Mkimbizi» sijaandika. «Huzuni» sijaandika. Kama ipo, imo mle ndani kati ya godoro na paa, na msikilizaji ataikuta au hataikuta, kama sisi.

Kasoro moja imebaki na sikuweza kuiondoa. Mtu anayemjua vizuri bado atamjua kwa mkono ule. Yeye amekubali, na siku akibadilisha mawazo tutayafuta kwenye tovuti, lakini karatasi zilizochapwa hazifutiki. Nilimwambia hivyo kabla hajakubali, kwa maneno hayohayo. Akasema anajua karatasi ni nini.

Jioni nikampelekea mzee. Alisikiliza mara mbili. Safari ya pili alitelezesha kidole polepole akarudia ile sentensi ya godoro peke yake. Kisha akauliza:

«Godoro limeloa?»

Nikaiangalia tena picha. Sikuwa nimejiuliza. Nikakuza. Hakuna maji yanayodondoka, kitambaa hakijabadilika rangi, pembe zimesimama.

«Linaonekana kavu,» nikasema.

«Kavu,» akarudia. «Basi aliamka mapema.»